Ni paka. Ni paka? Ni paka! Kufundisha alama ya kuuliza na alama ya mshangao kwa viputo vya maneno

Walimu wapya na wazazi wanaosomesha watoto nyumbani huuliza maswali yale yale. Nianze na alama ipi? Nimfundishe "je" kwanza? Mbona akishaijua alama ya mshangao anaimwaga kila mstari? Nimeona niyajibu hapa kwa pamoja, kwa njia ninayoitumia na watoto wa miaka 7: viputo vya maneno, yaani vile viduara vyenye mkia vinavyotoka kinywani mwa mtu kwenye katuni.

Kuhusu majina, vitabu vingine husema kiulizi, vingine kiulizo, na alama ya mshangao huitwa pia alama hisi. Tumia jina lililo kwenye kitabu cha mtoto wako na usilibadilishe katikati ya safari.

Nadharia ni hii tu. Kwa Kiswahili, "Ni paka" ni taarifa, ni swali na ni mshtuko, na hakuna neno lililoongezwa wala kuhamishwa. Tofauti yote imo kwenye sauti. Ukiandika, sauti inapotea na alama inabaki peke yake kufanya kazi hiyo. Kwa hiyo mtoto hawezi kuyakodolea macho maneno akajua aweke nini. Inabidi ajue nani anasema, anamwambia nani, na ana sura gani wakati anasema. Kiputo kilichochorwa kinamwonyesha yote matatu.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Mtoto awe tayari anaweza kusoma sentensi fupi na kuandika nukta mwishoni bila kukumbushwa kila mara. Kama nukta bado inamsumbua, subiri. Mtoto asiyejua sentensi inaishia wapi hana pa kuweka alama yoyote ile.

Vifaa ni karatasi tupu zisizo na mistari, penseli, kifutio, na kadi 3 ndogo kwa kila mtoto: moja ina nukta, moja ina (?) na moja ina (!). Karatasi ya kuchorea ikunje mara moja, kisha ikunje tena kinyume. Ukiifungua utapata visanduku 4, bila rula.

Tenga vipindi 5 au 6 vya dakika 20 hadi 25. Usijaribu kumaliza yote kwa siku moja. Hatua ya 1 na ya 2 zinatosha kipindi kimoja, na hatua ya 5 itakula vipindi viwili.

Hatua ya 1: Sema, usiandike

Simama mbele ya watoto useme "Ni paka" kwa utulivu, kama mtu anayejibu ameulizwa kitu cha kawaida. Kisha uulize. Kisha ushtuke, kama kwamba amekurukia mapajani. Kila mara watoto wainue kadi moja. Wakishazoea, mpe mtoto nafasi yako, na wewe ukae uinue kadi pamoja na wengine. Kosea makusudi mara moja uone kama watakusahihisha.

Tumia maneno mengine ya aina hiyo hiyo: "Mvua inanyesha", "Amelala", "Umemaliza". Usitumie bado "nani", "wapi" wala "nini", na "je" iache kabisa.

Onyo: kosa kubwa la mwalimu katika hatua hii ni kutoa kanuni kwamba "sauti ikipanda mwishoni, weka alama ya kuuliza". Kanuni hiyo inafaa kwa "Ni paka?" lakini itakuangusha wiki ijayo. Sema mwenyewe kwa sauti, "Unakwenda wapi?" Sauti haipandi kama ilivyopanda kwenye "Ni paka?", na mara nyingi inashuka. Mtoto mwenye masikio mazuri ndiye atakayeweka nukta, na atakuwa amefuata ulichomwambia. Sauti ni mlango wa kuingilia tu. Kipimo chenyewe kiko hatua inayofuata.

Hatua ya 2: Kiputo kitupu cha mwenzake

Chora ubaoni watu wawili wanaotazamana. Wa kushoto ana kiputo chenye "Ni paka" bila alama. Wa kulia ana kiputo kitupu. Uliza watoto: huyu wa kulia, ni lazima ajibu kwa maneno? Wakisema ndiyo, andika jibu lake, "Hapana, ni sungura", kisha rudi kushoto uweke (?).

Sasa futa kile kiputo kitupu. Mtazame wa kushoto peke yake na uchore sura yake: macho yamemtoka, mikono iko juu. Hapo weka (!). Futa tena, mpe uso mtulivu, weka nukta.

Hiki ndicho kipimo nitakachokirudia hadi mwisho. Kwa alama ya kuuliza, mtazame mtu wa pili: je, anadaiwa jibu? Kwa alama ya mshangao, mtazame anayesema mwenyewe: uso wake umebadilika? Watoto hukishika haraka kwa sababu wanaangalia picha, na kuangalia picha wanakujua kuliko kuchambua sentensi.

Kipimo hiki kina mipaka yake, na watoto wataigundua kabla yako. Nilishaulizwa, "Mwalimu, mbona Shikamoo inajibiwa lakini si swali?" Ni kweli. "Marahaba" ni itikio la salamu, halimpi mwenzako habari aliyokuwa haijui. Linganisha na "Hujambo?" au "Habari za asubuhi?", ambazo kwa umbo ni maswali na huandikwa kwa alama ya kuuliza, hata kama anayejibu "Nzuri" hakufikiria sana. Vivyo hivyo na "Naomba penseli." Mwenzake atajibu kwa mkono, si kwa maneno, kwa hiyo ni nukta. "Una penseli?" inadai ndiyo au hapana, kwa hiyo ni alama ya kuuliza. Kwa mtoto wa miaka 7 inatosha kusema hivi: jibu la swali ni ndiyo, hapana, au jambo ambalo muulizaji hakuwa analijua.

Hatua ya 3: Kuiandika alama yenyewe

Alama ya mshangao ni mstari wima kutoka juu kwenda chini, unainua penseli, kisha nukta chini yake juu ya mstari wa daftari. Haina shida, ila wapo wanaouburuta mstari mpaka ukagusa nukta, na ikisomwa inafanana na herufi "l".

Alama ya kuuliza ndiyo inayohitaji mazoezi. Penseli inaanzia kushoto, inapanda na kupinda kuelekea kulia, inarudi katikati, inashuka kidogo, inainuliwa, kisha nukta. Waambie wachore sikio la kushoto la mtu anayekutazama, yaani lile lililo upande wako wa kulia, halafu hereni imedondoka chini yake. Waiandike hewani kwa kidole, kisha mara 5 kwenye karatasi, basi. Kurasa nzima za alama moja hazina faida.

Wengi wataigeuza ielekee upande mwingine. Kwa umri huu si jambo la kutisha, ni kama wanavyogeuza "b" na "d". Lakini kama mtoto anajifunza pia kuandika Kiarabu, muulize kwanza kabla ya kumsahihisha: kwa kuwa Kiarabu huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, alama yake ya kuuliza imegeuka hivyo hivyo (؟), na huenda anaandika alama sahihi ya hati nyingine. Mwonyeshe zote mbili kwa pamoja, kila moja ikitazama upande maandishi yanakotokea.

Hatua ya 4: Andika kwanza, zungushia baadaye

Hii ni hatua fupi lakini inaokoa machozi mengi. Mtoto akiachwa, atachora kiputo kizuri cha mviringo, kisha aanze kuandika ndani, na maneno yatagoma kuenea. Herufi za mwisho zitabanana ukingoni, na kinachokosa nafasi kabisa ni alama. Utadhani hajaelewa somo, kumbe alikosa mahali.

Kwa hiyo utaratibu ni huu, kila mara: andika maneno, weka alama imeshikana na herufi ya mwisho bila nafasi katikati, ndipo uchore mzunguko kuzunguka vyote, na mwisho uchore mkia unaoelekea kinywani mwa anayesema. Kiputo kimoja kisizidi maneno 5 au 6. Ndani ya kiputo hakuna alama za kunukuu, maana mkia umekwisha kusema maneno ni ya nani.

Onyo: alama ya kuuliza na ya mshangao tayari zina nukta yake. Usikubali "Ni paka?." yenye nukta ya ziada. Mwonyeshe kwamba ile nukta ya chini ndiyo aliyoizoea, imevaa kofia tu.

Hatua ya 5: Katuni ya visanduku 4

Chora mwenyewe katuni hii ubaoni au kwenye karatasi, ikiwa na maneno yote lakini bila alama hata moja. Neema na Juma wamekuta boksi limefungwa.

Kisanduku cha 1: boksi linatikisika. Neema: "Kuna nini humo". Juma, mabega juu: "Sijui".

Kisanduku cha 2: sikio moja limechomoza. Neema: "Ni paka". Juma: "Labda".

Kisanduku cha 3: paka ameruka nje, watoto wamerudi nyuma, vinywa wazi. Wote wawili: "Ni paka".

Kisanduku cha 4: mama ameingia, amekunja uso. Mama: "Kelele za nini". Juma, ametulia, amempakata: "Ni paka".

Watoto waweke alama, wawili wawili, wakibishana. Usipite ukisahihisha. Pita ukisikiliza, kwa sababu makosa watakayofanya yanaeleza wanachofikiri.

La kwanza karibu litatokea kila darasa: mtu ataweka (?) kwenye "Sijui". Ukimuuliza atakwambia Juma hajui, na asiyejua ndiye anayeuliza. Hoja yake ina akili. Usimwambie amekosea. Mrudishe kwenye picha umuulize Neema anatakiwa kumjibu nini Juma. Ataona hakuna cha kujibu, na ataifuta mwenyewe.

La pili ni kisanduku cha 4. Wengi wataandika "Kelele za nini!" kwa sababu mama amekasirika. Hapa vipimo vyote viwili vinagongana, na ni vizuri vigongane mbele yako. Uso wake umebadilika, kweli. Lakini Juma amejibu, na jibu lake linaonekana pale pale. Kanuni ninayoitoa kwa umri huu: jibu likidaiwa, alama ya kuuliza inashinda, na hasira tunaiacha kwenye mchoro wa uso. Najua waandishi wa katuni huweka alama zote mbili pamoja. Wataifikia baadaye. Ukiiruhusu sasa, kila swali litabeba mbili, na hutajua tena kama mtoto amechagua au amekwepa kuchagua.

Ukimaliza, elekeza macho yao kwenye "Ni paka" tatu, ya kisanduku cha 2, cha 3 na cha 4. Maneno ni yale yale, alama ni tatu. Nyamaza kidogo hapo waione.

Kipindi kinachofuata kila mtoto achore yake kwenye karatasi iliyokunjwa. Sharti ni moja: sentensi moja itokee angalau mara mbili kwa alama tofauti. Watoto walioishiwa na wazo wape sentensi: "Umerudi", "Ni yangu", "Limepasuka". Kuchora kusichukue zaidi ya nusu ya kipindi. Watu wa vijiti wanatosha.

Hatua ya 6: Mwenzako akusomee

Wabadilishane karatasi. Msomaji asome kwa sauti kama alama zinavyomwamuru, wala si kama anavyodhani mwandishi alitaka. Mwandishi asikilize bila kusema neno. Akisikia "Umerudi" imesomwa kwa ubaridi na yeye alitaka mshtuko, atachukua penseli mwenyewe. Sijaona masahihisho ya wino mwekundu yanayofanya kazi haraka kama hii.

Sasa ndipo ulete maneno ya kuuliza: nani, nini, wapi, lini, gani, ngapi, kwa nini, na "-je" na "-pi" zinazoshikamana na neno, kama "Umeingiaje?" na "Boksi lipi?" Waonyeshe kwamba mara nyingi hukaa mwishoni mwa sentensi, jirani kabisa na alama. "Je" ilete mwisho wa yote, na mkato wake: "Je, ni paka?" Ukiwa umeianza mapema, mtoto hudhani swali lisilo na "je" si swali.

Vihisishi pia viingie hapa: Lo, Ala, Loo, Salaale, Jamani. Chagua mtindo mmoja wa kuanzia, "Lo! Ni paka." au "Lo, ni paka!", kwa kuwa yote miwili hukubalika, na mtoto akipewa yote kwa siku moja ataichanganya.

Hatua ya 7: Toa viputo

Usiruke kutoka kiputo hadi hadithi kwa mkupuo. Kwanza waandike mazungumzo kama ya maigizo, jina na nukta mbili:

Neema: Kuna nini humo?
Juma: Sijui.

Kisha, kwa walio tayari tu, alama za kunukuu. Waambie kiputo kimepasuka, vimebaki vipande viwili, kimoja kabla ya maneno na kingine baada yake. Kilichokuwa ndani ya kiputo kinabaki ndani ya vipande hivyo, na alama ilikuwa ndani:

"Kuna nini humo?" Neema aliuliza.

Onyo: mtoto atataka kuandika "Neema aliuliza kuna nini humo?" kwa sababu ameona "aliuliza" na ameona "nini". Mwambie amchore Neema akiitamka sentensi hiyo nzima kwenye kiputo. Haiwezekani, kwani Neema hasemi "Neema aliuliza". Hiyo ni sauti ya msimuliaji, na msimuliaji hadai jibu. Inaishia na nukta. Ndivyo ilivyo pia kwa "Sijui yuko wapi." Neno "wapi" limo, lakini hakuna anayedaiwa jibu.

Ikikwama

*Anaweka (!) kila mahali.* Hii ni homa ya wiki ya kwanza na mara nyingi hupoa yenyewe. Isipopoa, mpe alama 2 tu za mshangao kwa katuni nzima azitumie atakapoona panastahili. Ataanza kupima nyuso. Kwa "!!!", mwambie alama moja inatosha, na kama anataka kelele zaidi, akuze herufi au achore kiputo chenye miiba.

*Anaweka (!) kwenye kila amri.* "Njoo hapa" si lazima iwe ukelele. Mwambie achore mama anayeita taratibu na mama anayeita mtoto aliye karibu na moto. Maneno mamoja, nyuso mbili.

*Kwenye kiputo anapatia, kwenye daftari anasahau.* Umetoa viputo mapema. Mrudishe kwenye maigizo kwa siku kadhaa, au mruhusu azungushie kwa penseli hafifu kila usemi kwenye daftari lake, kisha aufute mzunguko baada ya kuweka alama.

*Ni mtoto wa sauti ya chini, kusoma kwake ni bapa.* Usimlazimishe apaze sauti mbele ya wengine. Asome kwa kunong'ona mbele yako peke yako. Swali huonekana hata kwenye mnong'ono, na kama bado huisikii, tazama nyusi zake.

*Anapatia kwenye katuni yako, anakosea kwenye yake.* Mara nyingi kosa liko kwenye mchoro: watu wake wote wana uso mmoja unaotabasamu, au hawatazamani. Mwambie arekebishe nyuso na macho kwanza, bila kugusa maneno, kisha asome tena.